Uzi: Kukagua bizari ya mchuzi na pilau masala kwa picha tu, kabla hujatuma hela

MamaSufuria:

Wapendwa, naomba macho yenu. Ninapikia shughuli, na viungo naagiza kwa mtu aliye mbali. Ninachopata kabla ya kutuma hela ni picha za simu: mbele ya pakiti, nyuma ya pakiti, basi. Mwezi uliopita nilinunua hivyohivyo bizari ya mchuzi, nikatia nusu kilo kwenye mchuzi wa watu 80, kisha nikatia chumvi kipimo changu cha siku zote. Mchuzi ukawa haulambiki. Niliongeza maji, niliongeza viazi, mwisho nikamwaga nusu na kuanza upya wageni wakiwa wameshakaa. Sitaki yanirudie.

Sasa nimeletewa picha za pakiti mbili nyingine. Zimepigwa vibaya, kwa hiyo nimewaandikia nilivyosoma.

Ya kwanza, bizari ya mchuzi, gramu 100. Yaliyomo: giligilani, wanga wa mahindi, chumvi, manjano, bizari nyembamba, uwatu, pilipili manga, tangawizi, rangi (102). Kwa kipimo cha gramu 5: mafuta g 0.5, nyuzinyuzi g 1, sodiamu mg 295.

Ya pili, pilau masala, gramu 100. Yaliyomo: bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, hiliki, karafuu. Kwa gramu 100: mafuta g 3, nyuzinyuzi g 24, sodiamu mg 90.

Zote mbili zina sehemu inayoonyesha unga ndani. Ya kwanza ina njano inayowaka, ila pembeni naona kama imepauka. Ya pili ni kahawia ya kijivujivu, haina uso kabisa. Moyo wangu uko kwa ya kwanza na hii ya pili naiona imechakaa. Nakosea?

Kijiko_Kimoja:

Dada, pilau masala nzuri ni ya kusaga mwenyewe. Kaanga bizari nyembamba bila mafuta mpaka inukie, ongeza mdalasini na hiliki, saga. Pakiti za nini?

MamaSufuria:

Ahsante mpenzi, kwa sufuria ya nyumbani nasaga. Kwa watu 80 na wasaidizi wawili, siku ya Ijumaa, sisagi. Ninachouliza ni namna ya kuisoma pakiti kwenye picha.

MzeeWaKinu:

Mwanangu MamaSufuria, nimefanya kazi kwenye kinu cha viungo miaka mingi, upande wa kuchanganya. Nakushauri weka rangi kando kwanza, tutairudia. Anza na herufi na namba za nyuma ya pakiti, kwa sababu hizo hazibadiliki kwa taa ya chumbani kwa mwuzaji.

Orodha ya yaliyomo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Hilo wengi wanalijua. Wasichokifanya ni kuitumia chumvi kama rula. Chumvi ndiyo kitu pekee kwenye orodha yako ambacho unaweza kukijua kiasi chake, kwa sababu sodiamu imeandikwa. Ukishajua chumvi ni gramu ngapi, kila kilichoandikwa kabla yake hakiwezi kuwa chini ya hapo, na kila kilichoandikwa baada yake hakiwezi kuzidi hapo.

Tuifanye kwa pakiti yako ya kwanza. Wameandika sodiamu mg 295, lakini kwa gramu 5. Angalia sana hapo, maana kipimo kidogo hufanya namba kubwa ionekane ndogo. Gramu 100 ni vipimo 20, kwa hiyo 295 mara 20 ni mg 5,900, yaani gramu 5.9 za sodiamu. Kupata chumvi, zidisha kwa 2.5. Inakuja gramu 14.75. Viungo vyenyewe vina sodiamu yao kidogo ya asili, lakini hapa ni ya kupuuza. Sema chumvi ni gramu 14 hadi 15 katika kila 100.

Sasa rudi kwenye orodha. Wanga wa mahindi uko kabla ya chumvi, kwa hiyo nao haupungui gramu 14 na kitu. Chumvi na wanga peke yake ni karibu gramu 30 za pakiti, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Manjano, bizari nyembamba, uwatu na vingine vyote viko chini ya chumvi, kwa hiyo kila kimoja kina gramu 15 kwenda chini.

Ukitia nusu kilo ya hii kwenye mchuzi wako, umetia karibu gramu 75 za chumvi. Ni vijiko vikubwa vinne vya chumvi ambavyo hukuvihesabu.

MamaSufuria:

Shikamoo mzee. Vijiko vinne! Hapo nimeelewa kilichonipata mwezi uliopita bila hata kuiona ile pakiti tena. Na wanga huo unaweza kufika wapi juu? Ni nusu ya pakiti?

MzeeWaKinu:

Marahaba. Nusu haufiki. Giligilani inautangulia, na wote wawili wakishagawana kilichobaki baada ya chumvi, wanga hauwezi kuzidi gramu 42 au 43. Kwa hiyo uko kati ya 15 na 43, huo ni uwazi mkubwa. Nyuzinyuzi ndizo zinazousogeza karibu.

Viungo vikavu vina nyuzinyuzi nyingi. Giligilani peke yake ni zaidi ya gramu 40 kwa 100, manjano ni 20 na kitu. Bizari ya mchuzi iliyojengwa kwa giligilani na manjano, isiyotiwa kitu, mimi nategemea nyuzinyuzi 30 au zaidi. Wanga wa mahindi uliosafishwa una nyuzinyuzi kama gramu 1 tu, na chumvi haina kabisa. Pakiti yako inasema g 1 kwa gramu 5, yaani kama 20 kwa 100. Theluthi imeondoka, na inakubaliana na chumvi 15 na wanga kama 20 hivi. Nasema "hivi" kwa sababu namba ya "1" wameikata. Inaweza kuwa 0.9, inaweza kuwa 1.1, na ukizidisha mara 20 hilo kosa nalo linakua mara 20. Usiape kwa hesabu hii. Inakupa picha, haikupi mizani.

Na nisieleweke vibaya. Hawa hawajaiba, wameandika wanga na wameandika chumvi. Kuna michanganyiko inayotiwa wanga kwa makusudi ili mchuzi uwe mzito. Shida ni kwamba wewe unanunua ukidhani gramu 100 ni za viungo, kumbe viungo ni 65.

DawaNaChakula:

Mzee umesema vizuri, ila kuna njia fupi. Mwambie mwuzaji adondoshee iodini ya vidonda kwenye unga akupigie picha. Ikigeuka bluu nyeusi kuna unga wa mahindi ndani, imechakachuliwa, kesi imekwisha. Nilifanya na bizari ya manjano ya nyumbani kwangu, ikageuka nyeusi tii, nikatupa kopo zima.

MzeeWaKinu:

DawaNaChakula, kwamba iodini inaonyesha wanga ni kweli. Lakini huenda ulitupa manjano nzima, mwanangu. Manjano ni shina la chini ya ardhi, kama tangawizi, na mmea huweka wanga wake humohumo. Manjano safi ikiwekewa iodini inageuka. Tangawizi inageuka. Pilipili manga pia ina wanga wake. Kwa hiyo bizari ya mchuzi itageuka nyeusi hata kama hakuna aliyeigusa.

Kipimo chako kina kazi kwenye giligilani tupu au bizari nyembamba tupu, ambazo hazina wanga wa maana. Zikigeuka bluu nzito, hapo uliza maswali.

DawaNaChakula:

Sikujua la manjano, nakubali. Lakini mbona iligeuka haraka mno na nyeusi mno? Ya dada yangu ilikuwa ya kahawia tu. Bado naamini yangu ilikuwa na kitu.

MzeeWaKinu:

Inawezekana. Kwa jicho, bila kupima, mimi siwezi kukukatalia wala kukukubalia.

Kivuli_na_Nuru:

Mimi ni mpiga picha, viungo sivijui ila naomba niseme kuhusu ile njano "inayowaka". MamaSufuria, kwenye picha ya mbele, maandishi ya jina yana kingo nyeupe? Tazama hiyo nyeupe tu, usitazame unga. Ni nyeupe ya karatasi au ni ya siagi?

MamaSufuria:

Ni ya siagi kabisa! Hata ukuta wa nyuma ni wa manjano. Picha ya pilau masala ndiyo ina nyeupe ya kawaida, au tuseme inaenda kwenye bluu kidogo.

Kivuli_na_Nuru:

Basi picha ya kwanza imepigwa chini ya balbu ya mwanga wa joto, na simu haikuisahihisha. Kila kilicho njano kimepewa njano ya bure. Ya pili imepigwa kivulini mchana, au kwenye taa ya mwanga wa baridi, na huo unaondoa joto kwenye rangi za kahawia, kila kitu kinakuwa kama vumbi. Kwa hiyo unalinganisha taa mbili, si aina mbili za unga. Juu ya hayo, simu nyingi zinaongeza ukolezi wa rangi zenyewe bila kukuuliza.

Mwambie mwuzaji aziweke pakiti zote mbili kwenye karatasi nyeupe moja, karibu na dirisha lakini jua lisizipige, flashi imezimwa, na azipige ndani ya picha MOJA. Ikiwa ni picha mbili, hata kama zimepishana dakika moja, simu inaweza kuamua upya rangi. Ndani ya picha moja zote zinapata haki sawa.

BiHiliki:

Na hata hiyo picha moja ikija, dada, usiitegemee njano ya pakiti ya kwanza. Wameandika rangi 102, hiyo ni tartrazini, njano ya kutengenezwa. Njano ya manjano inakufa kwa mwanga, lakini ya 102 inavumilia zaidi. Pakiti inaweza kukaa dirishani miezi ikabaki inawaka, huku viungo vyenyewe vimeshakata roho. Rangi ikishaongezwa, kung'aa hakukuambii kitu kuhusu ubichi wa viungo.

Na pilau masala ya pili haina manjano hata chembe, tazama orodha. Ulitaka iwake kwa kitu gani? Bizari nyembamba, pilipili manga na mdalasini zikisagwa pamoja ni kahawia ya udongo. Ikiwa bizari imekaangwa kabla ya kusagwa inakuwa nyeusi zaidi, isipokaangwa inakuwa ya kijivu. Zote mbili ni sahihi.

MamaSufuria:

Bi Hiliki umenifumbua macho. Nilikuwa nailaumu kwa kukosa kitu ambacho haikupaswa kuwa nacho.

Lakini bado kuna ile sehemu ya pembeni ya pakiti ya kwanza. Kama ina rangi ya kuongezwa inayovumilia, kwa nini pembeni pamepauka?

BiHiliki:

Inavumilia zaidi, sikusema haifi. Na sehemu kubwa ya njano hapo bado ni ya manjano yenyewe. Pamepaukaje? Polepole kama moshi, au kuna mpaka?

MamaSufuria:

Kuna mpaka. Upande wa kulia kuna kikaratasi cha namba za mstari kimebandikwa juu ya plastiki ya uwazi. Kama kimeinuka kidogo kwenye kona, na pale kilipoinuka unga ni wa njano iliyoiva, karibu na chungwa. Nje ya kikaratasi ni njano ya maziwa. Mstari umenyooka kabisa, kama mtu amepiga rula.

BiHiliki:

Basi umeshajijibu, dada. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho picha inakisema vizuri kuliko mwuzaji. Balbu haiwezi kuchora mstari ulionyooka kufuata ukingo wa kikaratasi. Simu haiwezi. Ni mwanga uliopiga pakiti hiyo ikiwa imekaa palepale, uso uleule, siku nyingi, na kikaratasi kikaukinga unga ulio chini yake. Nimeuza viungo dukani, na kila nilipopanga upya rafu ya mbele nilikuwa naikuta alama hiyo kwenye pakiti zilizosahauliwa.

Alama hiyo inakuwepo tu ikiwa pakiti haijatikiswa. Ikitikiswa mara mbili, unga wa nje na wa ndani unachanganyika na unapata njano moja ya wastani. Ndiyo maana mimi huomba picha kabla sijaomba kitu kingine, mwuzaji asipate sababu ya kuigeuzageuza. Kisha naomba aitikise apige tena palepale. Kama picha ya pili imeiva ghafla, iliyopauka ilikuwa ngozi ya nje tu. Kama imebaki ya maziwa, imeingia ndani.

Angalia pia wino wa pakiti. Nyekundu na njano ya maandishi ndizo hutangulia kufa juani, bluu na nyeusi zinabaki. Picha ya nyama iliyochapwa mbele ikiwa na rangi ya samawati, pakiti hiyo imeliona jua.

Baba_Wawili:

Naomba kuingilia kwa swali langu. Mke wangu ana presha, ameambiwa apunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku. Sisi tuliacha chumvi mezani lakini bizari tunatia. Kwa hesabu ya mzee, tunakula chumvi ya bizari bila kujua?

MzeeWaKinu:

Inategemea pakiti yenu, ndugu. Tufanye ni kama hii ya kwanza. Kijiko kikubwa cha bizari ni kama gramu 6, kwa hiyo kina chumvi karibu gramu 0.9. Mkitia vijiko vitatu kwenye sufuria ya watu wanne, ni gramu 2.7, karibu nusu kijiko cha chai cha chumvi, mnagawana wanne. Si nyingi sana, lakini haikuwa kwenye hesabu yenu. Soma sodiamu kwa gramu 100. Bizari isiyotiwa chumvi huwa chini ya mg 200. Ukiona maelfu, imetiwa.

Na kama kuna namba 621 kwenye orodha, hiyo ni glutameti nayo ina sodiamu yake. Hapo kuzidisha kwa 2.5 kutakupa chumvi zaidi ya iliyopo. Kwa mgonjwa wa presha haileti tofauti, sodiamu ni sodiamu, ila kwa anayetafuta kijazio rula inapinda.

Kijiko_Kimoja:

Mimi chumvi naitambua kwa macho. Naikuza picha ya unga, nikiona vimemetameta, ni chumvi.

Kivuli_na_Nuru:

Kwa picha ya mbele ya plastiki, vimemetameta vingi ni mwangaza wa plastiki yenyewe. Labda unga umwagwe kwenye karatasi nyeusi, taa itoke pembeni chini, simu iwe karibu. Hapo punje zenye pembe utaziona. Lakini nadhani chumvi ikisagwa laini pamoja na viungo huoni kitu.

MzeeWaKinu:

Huoni. Sisi tulikuwa tunaisaga iwe laini sawa na unga, makusudi, isije ikatua chini ya pakiti. Kutokuona vimemeta si ushahidi wa kutokuwepo.

MamaSufuria, nina jambo kuhusu pakiti ya pili, limenikera tangu asubuhi. Umeandika mafuta g 3 kwa gramu 100. Una uhakika?

MamaSufuria:

Ndivyo ninavyosoma, mzee. Kuna nini?

MzeeWaKinu:

Bizari nyembamba ina mafuta mengi, kama gramu 22 kwa 100. Orodha ina viungo vitano na hiyo ndiyo ya kwanza, kwa hiyo haiwezi kupungua gramu 20 kati ya 100, maana kitu kikubwa kati ya vitano hakiwezi kuwa chini ya sehemu ya tano. Gramu 20 za bizari nyembamba peke yake zinaleta mafuta gramu 4 na zaidi. Karafuu na hiliki zinaongeza. Mimi ningetegemea 9 kwenda juu. Tatu haiwezekani kwa orodha hiyo.

Kwa hiyo ama orodha si ya kweli na kuna kitu kimejaza nafasi ya bizari, ama jedwali limenakiliwa kutoka bidhaa nyingine, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu likifanywa, ama namba imesomwa vibaya. Kinachonifanya nisite ni kwamba nyuzinyuzi 24 na sodiamu 90 zinakaa vizuri na mchanganyiko wenye bizari nyingi nyembamba. Kama ingekuwa imejazwa unga, nyuzinyuzi zingeshuka pia.

DawaNaChakula:

Hapo mzee mbona unaitetea? Ingekuwa imejazwa pumba za ngano badala ya unga, nyuzinyuzi zisingeshuka. Pumba hizo zina nyuzinyuzi nyingi, na mafuta yake ni kidogo.

MzeeWaKinu:

Hoja nzuri, na sikuigusa. Pumba, au maganda ya viungo yaliyosagwa, yangeweza kutoa namba hizohizo. Kwa picha huwezi kuyatenga. Kwanza tuhakikishe hiyo 3.

MamaSufuria:

Nimeikuza picha mpaka mwisho. Pakiti ina mkunjo unaopita katikati ya jedwali, na kwenye mkunjo kuna mng'ao mweupe wa taa. Mng'ao unaanzia kwenye neno "mafuta" na kuishia pale penye 3. Nimemwomba mwuzaji anyooshe pakiti mezani apige tena, bila flashi, na ziwe mbili kwenye picha moja kama alivyosema mpiga picha. Nasubiri.

BiHiliki:

Mwombe na tarehe ya kusagwa, si ya mwisho wa matumizi tu. Kwenye pilau masala kinachokimbia ni harufu, na harufu haina picha. Karafuu na hiliki zikishasagwa zinapoteza harufu haraka, na kahawia yake inabaki ileile ya siku ya kwanza.

Baba_Wawili:

Na zile habari za rangi za sumu, manjano kutiwa madini ya risasi? Nilisoma kwamba Bangladeshi waligundua. Picha inaweza kuonyesha?

MzeeWaKinu:

Haiwezi, ndugu yangu. Utafiti wa Bangladeshi uliochapishwa 2019 ulikuta kromati ya risasi ikitiwa kwenye manjano ili ing'ae. Kiasi kidogo tu kinatosha kudhuru, na kinachofanya ni kuipendezesha manjano. Kwa jicho ungeichagua hiyo. Ni maabara tu. Ndiyo maana nikiona njano isiyo ya kawaida, sijisikii furaha.

MamaSufuria:

Picha mpya zimekuja. Ziko mbili kwenye karatasi moja, karibu na dirisha.

Kwanza, mafuta ya pilau masala ni g 13. Ile 1 ilikuwa imezama kwenye mng'ao. Mzee, ulikuwa sahihi kukereka.

Pili, kwenye mwanga mmoja ile ya kwanza haiwaki tena. Ni njano ya kawaida, na mstari wa kikaratasi uko palepale. Nilimwomba aitikise, akaitikisa, akapiga tena. Imekoza kidogo sana, kidogo mno, bado haifanani na ile rangi ya chini ya kikaratasi. Na pilau masala kumbe ina wekundu wa mdalasini ndani yake, si kijivu hata kidogo.

Tarehe ya kusagwa anasema hana, iliyoandikwa ni ya kufungashwa tu, miezi minne nyuma.

MzeeWaKinu:

Kumi na tatu inakaa sawasawa na 24 na 90. Sasa namba zote tatu zinasema jambo moja, bizari nyembamba ni nyingi kweli, labda karibu nusu.

DawaNaChakula:

Tarehe ya kufungashwa si ya kusagwa. Unga unaweza kukaa guniani mwaka ndipo ufungwe. Mimi nisingenunua nyingi.

BiHiliki:

Katika hilo nakubaliana naye kabisa.

MamaSufuria:

Bizari ya mchuzi nimeiacha. Pilau masala nimeagiza pakiti moja tu. Ikifika nitaifungua juu ya maji ya moto, nitie kijiko kwenye kikombe, ninuse, halafu nitie kwenye sufuria ndogo ya wali. Oda kubwa itasubiri pua yangu. Na lebo ya bizari inayofuata naileta hapa na jedwali limenyooshwa mezani, si kwenye mkunjo.

Kijiko_Kimoja:

Ikifika, naomba uipige picha kwenye kijiko, bila plastiki. Ninazo pakiti mbili kabatini za kahawia hiyohiyo, na leo nimegundua moja ina sodiamu mg 410 kwa gramu 5.

MzeeWaKinu:

410 mara 20 ni 8,200. Mara 2.5, gramu 20 na nusu za chumvi. Na kwenye orodha, chumvi iko ya ngapi?

Kijiko_Kimoja:

Ya pili, mzee. Ya kwanza ni "viungo", hawajavitaja.